Nilivyoandika bei zangu za uhasibu bila neno "kuanzia"

Wengi walinishauri niandike "kuanzia laki mbili, maelewano yapo". Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Mteja akishasoma "kuanzia", hiyo laki mbili ndiyo bei yake, hata akikuletea risiti zimejaa mfuko wa rambo. Wengine walisema nisiweke bei kabisa, nimwambie mtu apige simu. Atapiga, atauliza "shilingi ngapi?", nawe hujui hata anauza nini.

Nafanya hesabu za maduka, mengi yako Kariakoo. Ritani ya VAT yenyewe haichoshi kama vitabu viko safi. Muda unaliwa na kulinganisha risiti za EFD, taarifa ya benki na miamala ya simu. Kwa hiyo bei nimeifunga kwenye wingi wa nyaraka, na maneno yangu yanasomeka hivi:

"Hesabu za mwezi, nyaraka zisizozidi 150: shilingi 250,000 kabla ya VAT. Tunaingiza mauzo na manunuzi, tunalinganisha na benki na simu, tunaandaa ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 na PAYE kabla ya tarehe 7. Kila nyaraka 50 zinazozidi, au sehemu yake: 60,000. Nyaraka zifike kabla ya tarehe 3. Miezi ya nyuma na faini havimo."

Hiyo tarehe 3 usiiache. Bila hiyo, mteja analeta karatasi tarehe 19 jioni, halafu ritani ikichelewa lawama ni zako.

Alikuja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyaraka kama 230 kwa mwezi. Nikampigia hesabu mbele yake: zimezidi 80, hivyo ni mafungu mawili, jumla 370,000.

"Kaka, tufanye laki mbili na nusu tu," akasema.

"Bosi, inawezekana, ila kazi nayo ipungue. Mauzo yako ni kama risiti 120. Kijana wako ayaingize kila jioni kwenye jedwali nitakalokupa, mimi nitahakiki jumla yake na ripoti ya EFD. Zitabaki nyaraka 110."

Akakubali papo hapo. Bei yangu haikuguswa hata shilingi, na saa zilizobaki nikampa mteja mwingine. Mimi hapo nilifurahi kweli! Punguzo lisilo na kazi iliyoondolewa, mwezi unaofuata mteja analihesabu kuwa bei halali, na jirani yake anaambiwa hivyo hivyo.

Chini kabisa nimeongeza mstari wa kodi ya zuio. Kampuni zinakata asilimia 5 kwenye ada ya huduma, kwa hiyo kwenye 250,000 inabaki 12,500 huko. Nimeandika: "Ukikata kodi ya zuio, tupatie hati yake." Bila hati hiyo nitakosa cha kuonyesha TRA wakati wa kukokotoa kodi yangu ya mwaka.