Jumamosi ya Tarehe 15

Juzi imeletwa kadi ya mwaliko nyumbani, na mtoto wa mdogo wangu akaniuliza, "Mama Mkubwa, mbona kila kadi ikija wewe unakimbilia kalenda?" Mama yake alikuwepo, akasikia, akaendelea kukunja nguo. Nilimjibu mtoto kwamba napenda kuona siku na tarehe zinapatana, akaridhika akaenda kucheza. Mimi nilibaki nimekaa na ule usiku wa mwaka 2019.

Tulikuwa Walukuba, Jinja, nyumba imeshajaa wageni wa mapema. Mikutano ya harusi ya huyo mdogo wangu ilikwisha, michango ilikuwa imepatikana kiasi, na kadi zilikuwa zinashughulikiwa Kampala, barabara ya Nasser. Anayeijua Nasser anajua kazi ya pale haikai chini ya paa moja. Anayepanga kadi kwenye kompyuta ana chumba chake, anayetengeneza pleti za kuchapia ana chake, mwenye mashine ya kuchapa yuko mlango wa tatu, na wa kukata karatasi yuko ng'ambo. Kazi ikishatoka mkono wa kwanza hakuna anayeisoma tena. Wa pleti anaangalia rangi, wa mashine anaangalia wino, wa kukata anaangalia kingo. Jicho la mwisho ni la wenye harusi, na jicho hilo linatakiwa kabla pleti hazijatengenezwa.

Pleti zilikuwa zitengenezwe asubuhi. Mbunifu wa kadi alikuwa ametuma prufu ya mwisho, nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, kwa WhatsApp mchana, nayo ikazunguka ukoo mzima. Baba aliisoma akataka neno Alhaji litangulie jina lake. Shangazi aliona jina la marehemu babu limepungua herufi. Upande wa bwana harusi, kule Masaka, wakarekebisha jina la ukoo wao. Kila mtu aliitafuta sehemu yake, akaiona iko sawa, akaandika "Mashallah, nzuri sana." Bibi harusi mwenyewe aliijibu kwa mioyo mingi.

Mimi niliifungua usiku, nimeshapanda kitandani. Siku hiyo bosi wangu dukani alikuwa amepanga zamu za mwisho wa mwaka, akatuambia Krismasi itaangukia Jumatano. Hilo lilikuwa bado kichwani. Kadi ilikuwa ya kukunjwa, upande mmoja Kiswahili, wa pili Kiingereza, majina ya maharusi kwa dhahabu na maneno mengine yote kwa wino mweusi. Chini ya majina palisomeka: Jumamosi, 15 Desemba 2019.

Nikapita. Nikarudi. Kama 25 ni Jumatano, 18 nayo ni Jumatano. Rudi nyuma kutoka 18: 17 Jumanne, 16 Jumatatu, 15 Jumapili. Nikahesabu upya kwa vidole gizani, nikaenda mbele badala ya nyuma, ikatoka ile ile. Nikafungua kalenda ya simu. Jumamosi ilikuwa 14.

Kilichonitia baridi si kwamba kadi ina kosa, ni kwamba sikujua kosa liko wapi. Kwenye vikao tulikuwa tukisema "Jumamosi ile", "siku ile yetu", na tarehe watu walikuwa wakiitaja nusunusu. Je, siku ndiyo iliyoandikwa vibaya, au tarehe? Nilifikiri kwamba Baba huandika pia tarehe ya Kiislamu, na hapo tungeona. Lakini tarehe ya mwezi mwandamo inaweza kusogea siku moja kwa kuonekana au kutoonekana, kwa hiyo haiwezi kuamua ubishi wa siku moja. Ilibidi nipate karatasi.

Nilimwamsha Mama. Risiti ya ukumbi ilikuwa kwenye mkoba wake, imekunjwa mara nne pamoja na ya mahema. Tukaifungua chini ya taa ya simu, mimi nimeshika kadi, yeye risiti. Nikamwambia, "Mama, usiniambie unavyokumbuka. Nisomee tarakimu moja moja." Akasoma polepole, kidole juu ya karatasi: "Moja. Nne. Moja. Mbili." Hapo nikajua Jumamosi ni sahihi na tarehe ndiyo mbovu.

Wanaochukulia kosa hili dogo wafikirie wageni wa mbali. Nusu ya watu hushika siku, nusu hushika tarehe. Walioshika siku wangefika Jumamosi. Walioshika tarehe wangetoka Masaka na sare zao Jumapili, wakute viti vinapakiwa kwenye gari. Na kadi zikishachapwa dawa ni mbili tu, ama kubandika kikaratasi juu ya tarehe, kadi moja baada ya nyingine, ama kulipia karatasi, pleti na mashine upya. Bahati yetu tarehe ilikuwa kwenye wino mweusi. Ingekuwa kwenye dhahabu pamoja na majina, ile bloku ya chuma ya kugandamizia dhahabu ilikuwa imeshatengenezwa na kulipiwa.

Nikampigia mbunifu, simu haipatikani. Nikamwandikia, na huku nangoja nikaenda kumwamsha mdogo wangu, maana ndiye aliyekuwa na namba ya mtu anayefanya kazi na mbunifu pale Nasser. Alikaa kitandani na hina bado haijapakwa, kichwa kimefungwa kitambaa, akaisoma kadi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, watu wote wameisoma wakaniambia nzuri. Wewe tu ndiye lazima uone kasoro." Akanipa namba, akageukia ukutani.

Mbunifu alijibu kwa Kiganda, ameshtuka zaidi yetu. Alieleza kwamba alianzia kwenye kadi ya harusi ya Desemba mwaka wa nyuma, akabadilisha majina, mahali na mwaka, siku na tarehe zikabaki. Mwaka 2018 Jumamosi ilikuwa kweli tarehe 15. Mwaka wa kawaida ukipita, tarehe ile ile husogea siku moja mbele. Ndiyo maana kosa lilionekana la kweli: liliwahi kuwa kweli.

Akatuma prufu mpya haraka. Upande wa Kiswahili 14. Upande wa Kiingereza bado 15. Nikamrudishia. Ikaja tena, pande zote mbili 14, lakini kile kikadi kidogo cha chakula kinachoingia ndani ya bahasha kilikuwa hakijaguswa. Nikakaa na Mama tukaandika kila mahali tarehe inapotokea, tukapitia tukiweka alama, risiti mezani, mpaka kote pakasomeka sawa. Ndipo nikamwandikia aendelee na pleti.

Kadi zikaja zimenyooka, watu wakaja Jumamosi, shughuli ikapendeza. Ningekabiliwa na usiku ule tena ningemwamsha mdogo wangu tena, hilo sina shaka nalo. Miezi baadaye nilimsikia akiwasimulia mashoga zake kwamba kadi zake ziliponea chupuchupu, akaeleza yote mpaka ile risiti ya ukumbi, ila hakusema nani aliyeliona kosa. Sijui kama alisahau, au neno lake la usiku lile lilikuwa limekaa moyoni tangu tukiwa watoto na kadi ililipatia tu nafasi ya kutoka. Tunapendana, tunalea pamoja, na hilo bado hatujaliongea.