Siku moja maishani mwangu: kusoma vidonda vya mgandamizo kwa picha, Mbeya

Saa 1:30 asubuhi. Ni muuguzi wa vidonda hapa Mbeya mjini, na sehemu kubwa ya siku yangu inapita kwenye picha za vidonda vya mgandamizo, vile vinavyompata mgonjwa aliyelala au kukaa muda mrefu bila kugeuka, zinazotumwa na wauguzi wa Tukuyu, Chunya, Makete na Mafinga. Swali lao huwa moja: kidonda hiki ni daraja la ngapi, yaani kimefika kwenye ngozi tu, mafuta, misuli au mfupa? Madaraja tunayofuata ni ya mwaka 2016, yaliyotolewa na jopo la Marekani la NPUAP, ambalo tangu 2019 linaitwa NPIAP. Yako manne yenye namba. Nje ya namba kuna kidonda kilichofunikwa hata kina chake hakionekani, na jeraha la ndani ya nyama ambalo juu yake ngozi inaweza kuwa bado nzima. Hilo la mwisho ndilo linalopotea zaidi kwenye picha, na leo limekuja mapema.

Saa 2:00. Picha inatoka Makete. Mzee wa kiharusi, amelazwa jana. Maelezo ni mafupi: "Wekundu kwenye kifandugu, ngozi haijachubuka, daraja la 1?"

Kabla ya kidonda naikagua picha yenyewe. Imepigwa ndani ya chandarua cha bluu, kwa flashi, kwa pembe. Chandarua cha bluu kinapeleka rangi zote upande wa bluu, na wekundu unaonekana kama zambarau. Flashi inafanya ngozi ing'ae na kufuta tofauti ndogo za rangi, ambazo ndizo tunazozitafuta. Halafu hakuna rula, kwa hiyo sijui kama naona sentimita 2 au 10. Nampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mzee anaendeleaje? Sasa nisaidie picha tatu upya."

Picha ya kwanza inaonyesha kiuno chote, ili nijue mfupa uko wapi. Ya pili inapigwa kutoka kama sentimita 30, simu ikitazamana na ngozi moja kwa moja. Chandarua kiwe kimefungwa juu na dirisha liwe wazi, lakini jua lisimpige mgonjwa. Pembeni ya kidonda kuwe na rula, karatasi yenye tarehe na namba ya siri badala ya jina, na kipande cha gozi safi, kile kitambaa cheupe cha kufungia vidonda. Gozi ina kazi yake: ikionekana ya bluu au ya njano kwenye picha, najua rangi ya kidonda nayo imepotoka kwa kiasi hicho. Ya tatu ni video fupi ya kubonyeza, nitaieleza. Asitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp maana inabanwa na kupoteza ubora, achague Document. Mzee hawezi kuongea, kwa hiyo ridhaa inatoka kwa mwanaye aliye naye wodini, na uso usionekane.

Saa 3:00. Nikimsubiri, nafungua picha ya Tukuyu. Bibi anayevaa pampasi, ngozi imechubuka matako yote mawili, imeandikwa daraja la 2. Michubuko inafanana kushoto na kulia, imeingia kwenye mfereji katikati ya matako, kingo hazieleweki na ngozi ya pembeni imelowa mpaka imekuwa nyeupe. Haya ni madhara ya mkojo na kinyesi, na hayapewi daraja la vidonda vya mgandamizo. Daraja la 2 halisi hukaa juu ya mfupa au chini ya kifaa kilichobana, lina ukingo unaoeleweka, na sakafu yake ni ya waridi au nyekundu yenye unyevu. Linaweza pia kuwa lengelenge lenye maji maang'avu. Ndani yake hakuna utando wa njano wala mafuta. Ukiviona hivyo, umeshavuka daraja la 2. Namjibu: asafishe kwa upole kila pampasi inapochafuka, apake krimu ya zinki, na aendelee kumgeuza, kwa sababu ngozi iliyolowa haivumilii mgandamizo.

Saa 4:15. Makete imerudi, na sasa picha inasomeka. Gozi ni nyeupe kweli. Doa lina urefu wa sentimita 6 kwa upana wa 5, limekaa juu kabisa ya kifandugu, na katikati rangi yake ni ya zambarau iliyokolea kuelekea nyeusi, kama bilinganya. Ngozi ni nzima.

Video ya kubonyeza ndiyo inayotenganisha. Muuguzi anabonyeza kwa kidole sekunde 3, anaachia, na kamera inaendelea kurekodi. Ngozi yenye wekundu wa kawaida hupauka kidole kinapotoka, kisha rangi hurudi, kwa sababu damu iko ndani ya mishipa na inasukumika. Rangi isipobadilika, mishipa midogo imeumia, na hapo tunaanza kuzungumza daraja la 1. Kwa ngozi nyeusi kama za wagonjwa wetu wengi, kupauka kwenyewe kunaweza kusionekane hata ngozi ikiwa salama. Ndiyo maana video peke yake haitoshi, na picha hata iwe nzuri namna gani inahitaji mikono ya aliye wodini. Namuuliza mambo matatu: ukilinganisha na ngozi ya pembeni, hapo ni pa moto au pa baridi? Ni pagumu, au panabonyea kama pana maji ndani? Mzee anakunja uso ukipagusa?

Majibu: pa moto kidogo, panabonyea, na anakunja uso.

Daraja la 1 halina zambarau. Kanuni iko wazi kabisa: wekundu usiopauka kwenye ngozi nzima ni daraja la 1, lakini zambarau au wekundu uliokolea wa maruni ni jeraha la ndani ya nyama. Kabla ya kuliandika, naondoa yanayofanana nalo. Je, amepakwa dawa ya zambarau ya vidonda? Hapana, amefutwa kwa maji ya chumvi na rangi imebaki. Je, aliwekewa chupa ya maji moto? Naliuliza hili kwa kila mgonjwa wa Makete na Njombe wakati wa baridi, kwa sababu upande uliopooza unaweza usihisi joto, na ngozi ikaungua bila mtu kujua. Hapana. Je, ni vilio la damu la kuanguka? Vilio huwa popote palipogonga na baada ya siku chache hugeuka kijani au njano. Hili limekaa katikati ya mfupa, na umbo lake linafuata mfupa.

Linabaki swali la muda. Mwanaye anasema baba alikutwa Jumamosi asubuhi, amelala chali sakafuni, na inaelekea alikaa hapo usiku kucha. Leo ni Jumatatu. Jeraha la ndani huanza chini, pale misuli inapobanwa na mfupa. Misuli inavumilia kukosa damu kwa muda mfupi kuliko ngozi, kwa hiyo inakufa kwanza, na rangi hutokea juu saa 48 mpaka 72 baada ya mgandamizo. Hesabu inaangukia usiku wa Ijumaa. Namwomba aandike hivyo kwenye faili: jeraha lilianza kabla ya kulazwa, limeonekana siku ya pili wodini. Wasipoandika leo, wiki ijayo kidonda kikifunguka wauguzi wa zamu watalaumiwa kwa jambo lililotokea sakafuni nyumbani.

Namwomba pia avue soksi. Aliyelala chali usiku kucha amelalia na visigino. Kisigino cha kushoto kina lengelenge la sentimita 3, na ndani yake mna damu. Lengelenge la maji maang'avu lingekuwa daraja la 2; la damu ni jeraha la ndani. Lisitobolewe.

Saa 6:30 mchana. Picha ya Mafinga inaonyesha kile jeraha la namna hiyo linachoweza kuwa. Kidonda cha nyonga, kijana wa ajali ya bodaboda aliyeumia uti wa mgongo. Sakafu yote imefunikwa na utando wa njano na gamba jeusi, na mtumaji ameandika daraja la 3. Sakafu ikiwa imefunikwa, hakuna anayeweza kujua kina, kwa hiyo jina lake ni "hakipimiki" mpaka kisafishwe. Chini yake patakutwa daraja la 3 au la 4. La 3 linaonyesha mafuta ya chini ya ngozi. La 4 linaonyesha, au kidole kinagusa, misuli, kano au mfupa.

Kina kwa sentimita hakiamui daraja. Nyuma ya sikio na kwenye mwamba wa pua hakuna mafuta, kwa hiyo kidonda cha milimita chache kinaweza kuwa kimefika kwenye gegedu, na hilo ni la 4. Kwenye tako lililonona, sentimita 4 zinaweza kuwa bado mafuta matupu.

Picha haionyeshi pango lililochimba chini ya ngozi, kwa hiyo namwomba apime kwa pamba ya kijiti iliyo safi na aandike "upande wa kichwa sentimita 2" au "upande wa tumbo". Tumeacha kutaja upande kwa mishale ya saa, kwa sababu saa tatu ya mmoja ni namba 3 na ya mwingine ni namba 9.

Saa 8:00. Chunya: gamba jeusi la kisigino, kavu, limeshika pande zote, pembeni hakuna wekundu wala uvimbe. Nalo halipimiki, ila hili haliondolewi. Linafunika kidonda vizuri kuliko bandeji. Wapapase mapigo ya mguu na wainue kisigino kisiguse godoro. Likianza kulainika, kutoa maji au kunuka, wapige simu siku hiyo hiyo.

Saa 9:30. Swali la kila wiki: kidonda cha daraja la 4 kimejaa nyama nyekundu na kinafunga, sasa tuandike la 3? Hapana. Misuli na mafuta vilivyopotea havirudi. Kinachojaza shimo ni kovu. Kinaandikwa "daraja la 4 linalopona", pamoja na vipimo vya leo. Ukiandika la 2 mwezi ujao, atakayempokea atadhani ngozi imechubuka tu, na atamlaza juu ya kovu ambalo halina nguvu ya ngozi ya kwanza.

Saa 10:45 jioni. Namalizana na Makete. Mzee asilale chali kabisa. Alazwe ubavu kwa pembe ya nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo, ageuzwe kila saa 2, na mto mwingine uwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Doa lisisuguliwe wala kukandwa. Kukanda nyama iliyoumia kunaiumiza zaidi.

Picha irudiwe kila siku, dirisha lile lile, saa ile ile, rula na gozi vikiwepo. Nimemwandikia cha kutazama. Zambarau ikififia na nyama ikikaza, jeraha linanywea. Ngozi ikitoka utando mwembamba na chini pakawa peusi, tishu inakufa, na hili linaweza kwenda haraka hata mkimhudumia vizuri, kwa hiyo familia ielezwe leo. Kikifunguka, hapo tutakipa namba kwa kile kitakachoonekana kwenye sakafu ya kidonda: mafuta, misuli au mfupa. Mpaka siku hiyo kwenye faili kinabaki "jeraha la ndani ya nyama, kifandugu, sentimita 6 kwa 5, ngozi nzima", na mstari wa pili wa kisigino cha kushoto.