Hina na nywele zangu: kilichozikausha hakikuwa hina peke yake

Mvi zangu zilianzia kwenye paji la uso, na sikutaka rangi za dukani. Nikaenda Kariakoo, nikanunua pakiti iliyoandikwa "hina nyeusi". Ndani ya dakika kumi rojo lilikuwa jeusi tii, na usiku ule ngozi nyuma ya masikio iliwasha hadi ikatoa malengelenge. Shangazi yangu wa Temeke alipoiona pakiti akacheka kwa huzuni: "Mwanangu, hii ni piko. Hina haitoi weusi."

Kweli. Majani ya mhina hutoa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Weusi wa haraka aghalabu hutoka kwenye kemikali iitwayo PPD, ile ya rangi za nywele, na ndiyo inayounguza ngozi za wengi.

Sasa nanunua unga ambao kiungo chake ni kimoja tu, majani ya mhina, nao unanukia majani makavu. Nachanganya kijiko na maji, naweka tone kwenye tishu nyeupe. Unyevu ukisambaa kijani kibichi papo hapo, unga umetiwa rangi. Wa kweli huacha duara la kahawia taratibu, kisha likageuka machungwa. Halafu najaribu kwenye nywele zilizobaki kwenye kitana.

Lakini hata hina safi iliniadhibu. Mara ya kwanza niliikamulia ndimu sita, nikalala nayo. Asubuhi nywele zilikuwa kama makuti, kitana kikakatikia humo. Asidi ya ndimu na tanini za majani hukausha, na rangi inayojishika kwenye unywele huufanya uwe mgumu kidogo. Ugumu huohuo ndio faida yake: nywele zangu nyembamba zinaonekana zimejaa.

Siku hizi gramu 100 nazikoroga kwa maji ya uvuguvugu na ndimu moja tu, hadi rojo liwe zito kama mtindi. Kwa joto la Dar saa nne au tano zinatosha rangi kutoka; likikaa hadi kesho linapoteza nguvu. Nywele ziwe safi, bila mafuta, maana mafuta huizuia rangi kushika. Napaka, navaa kofia ya plastiki ya kuogea (mifuko ya nailoni tuliyokuwa tukifungia kichwa ilipigwa marufuku 2019), nakaa saa mbili na nusu, si usiku kucha. Natoa kwa maji na kondishena nyingi, bila shampuu kwa siku mbili, kisha mafuta ya nazi kwenye ncha.

Siku ya kwanza mvi huwa machungwa makali, na kazini watu hutania. Siku ya tatu zimeiva, rangi ya shaba. Nywele nyeusi hazibadiliki sana, wekundu huonekana juani tu. Narudia kila baada ya wiki sita, na mara nyingi napaka mizizi pekee, maana ncha zilizokwisha kupakwa ndizo hukauka kwanza.