Kadi niliyoiandika mara mbili

Chake Chake, usiku. Mvua haijakata tangu alasiri. Bibliografia yangu ya maelezo kuhusu watoto wanavyojifunza kusoma imefika kadi ya kumi na saba, kila makala na kadi yake, na leo moja imenirudisha nyuma.

Ni ile ya makala ya Seymour, Aro na Erskine, ya 2003. Mara ya kwanza niliandika: mwisho wa darasa la kwanza watoto husoma takriban thuluthi moja tu ya maneno waliyoyazoea. Msimamizi wangu aliisoma, akaniuliza swali moja: "Watoto wa lugha gani, mwanangu?"

Nikairudia makala. Asilimia 34 ni ya watoto wa Uskochi wanaosoma Kiingereza. Watafiti walilinganisha lugha 13 za Ulaya, na katika nyingi zao watoto walipita asilimia 90. Kiswahili hakimo. Tena watoto wa Uskochi huanza shule wakiwa na miaka mitano, wale wa Ufini saba, kwa hiyo hata pengo lile si la tahajia peke yake. Kadi yangu ilikuwa imeyafuta yote hayo kwa sentensi moja, na mtu angeweza kuichukua akaihukumu nayo skuli ya Wete.

Sasa kila kadi ninayoiandika ina mistari mitatu kabla ya muhtasari: lugha ya watoto, umri na darasa, kisha kipimo. Huo wa tatu ndio ulionitesa, mpaka jioni ya leo.

Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la pili, alinisomea: "Ng'ombe anakunywa maji mtoni." A-na-ku-nywa, kidole chini ya kila silabi. Hakukosea hata moja. Nikamuuliza nani anakunywa maji. Akanitazama, akarudi mwanzo wa mstari. "Ngoja shangazi, nisome tena."

Kwa kipimo cha usahihi amepata yote. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishazijua silabi, usahihi hupanda upesi na kuacha kututenganishia msomaji mzuri na anayehangaika. Tofauti huhamia kwenye kasi na ufahamu. Basi makala inayopima usahihi peke yake naiandikia hivyo waziwazi kwenye kadi, na siiweki fungu moja na inayohesabu maneno sahihi kwa dakika.

Baada ya kadi ya Seymour nimeiweka ya Alcock na Ngorosho, nayo ya 2003, inayohusu makosa ya tahajia ya watoto katika Kiswahili chenyewe. Inanifaa kwa sababu inaonyesha kwamba tahajia iliyonyooka haimwondolei mtoto kazi. Lakini inapima kuandika, si kusoma, na hilo nimelitia kwenye mstari wa kipimo kabla sijasahau.

Zimebaki kadi sita za zamani zisizo na mstari wa lugha. Kesho naanza na ile ya kwanza kabisa.