Vikaratasi badala ya orodha: nilivyoacha kuzungusha namba za watu ukumbini

Semina ilikuwa ya siku moja, Tanga, katika ukumbi mmoja wa Makorora. Walikuja akina mama 61, wengi wao wauza vyakula, kujifunza kutunza hesabu za biashara ndogo. Mimi nilishika usajili na nauli. Nikafanya kama nilivyowakuta wenzangu wakifanya miaka yote: nilichapa karatasi za mahudhurio zenye safu ya jina, mtaa, namba ya simu na sahihi, mistari 25 kila ukurasa, nikazibana kwenye kibao na kumpa mama aliyekaa kiti cha kwanza. Karatasi ikaanza kuzunguka.

Siku ya tatu nikapigiwa simu. "Mwanangu, huyo kijana wako anataka nimtumie elfu tano ya fomu, ndiyo posho iliyobaki itoke. Nimtumie?" Sikuwa na kijana, wala posho iliyobaki haikuwepo. Kufika jioni walishanipigia tisa. Wawili walikuwa wameshatuma.

Mwanzoni nilijipa moyo kwamba ni wale matapeli wa kila siku, wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wanaobahatisha namba yoyote. Kilichonikatalia ni jina. Mama mmoja alikuwa amejiandika Mama Visheti, jina analoitwa na wateja wake. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa majina yake matatu ya kwenye kitambulisho, na ukimtumia pesa ndiyo yanayotokea. Aliyempigia alimwita Mama Visheti. Nikazitoa karatasi zangu na kuanza kuweka alama ya penseli kwa kila aliyepigiwa. Wote tisa walikuwa ukurasa wa kwanza na wa pili, zile kurasa mbili zilizozunguka ukumbini. Ukurasa wa tatu, wenye majina 11 ya waliochelewa, haukutoka mezani kwangu, na hakuna hata mmoja wao aliyeguswa.

Nani alizipiga picha sikujua na sikumtafuta. Kibao kilipita mikononi mwa watu karibu saa nzima, wakiwemo waliokuja kuleta chai na kufunga vipaza sauti. Picha ya mistari 25 ni kazi ya sekunde moja. Mlango niliuacha wazi mwenyewe, kwa hiyo nilianza na kuufunga. Niliwapigia wote 61, mmoja mmoja, nikawaambia hakuna malipo yoyote yanayodaiwa na kwamba mtu wa semina atakayewapigia ni mimi tu, kwa namba hii wanayoiona. Katika kupiga huko nikagundua la pili, ambalo lilinikaa moyoni kuliko zile elfu tano. Binti mmoja, mdogo kuliko wote pale, alikuwa anatumiwa ujumbe usiku na mwanamume asiyemjua, anayemtajia mtaa anaokaa. Mtaa niliuuliza mimi, na sikuwa na matumizi nao.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa kadibodi. Nilikata kipande cha ukubwa wa karatasi, nikatoboa dirisha la mstari mmoja, urefu wa sentimita moja na upana wa safu zote. Unakiweka juu ya orodha, anayeandika anaona mstari wake tu, akimaliza unakishusha. Mezani kwako, ukikishika mwenyewe, kinafaa sana, na kwa kikao cha watu 10 au 15 bado nakitumia. Ila kikiachwa kizunguke, wa tatu tu anakiinua ili aone wenzake wamejazaje. Hana nia mbaya, anataka kujua kama aandike jina la kwanza au yote matatu. Na akiinua yeye, kila aliye pembeni yake anaona.

Kilichonisaidia hasa ni vikaratasi. Karatasi moja ya A4 naigawa sehemu nne, kwa hiyo kwa watu 80 natumia karatasi 20. Kila kikaratasi kina namba ya mfululizo kwenye kona, kuanzia 001, kisha mstari wa jina na visanduku 10 vya namba ya simu. Mtaa niliuondoa. Chini kuna sentensi moja: namba hii ni ya kukujulisha tarehe ya mafunzo yajayo, na itaharibiwa baada ya miezi mitatu. Anayetaka kuhudhuria bila kuacha namba anaacha visanduku vitupu. Mtu anaingia, anapewa kimoja, anajaza, anakikunja na kukitia kwenye boksi la kadibodi lililofungwa kwa gundi ya karatasi, lenye upenyo juu. Boksi linakaa mbele yangu.

Visanduku 10 vinafanya kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Kwenye mstari mtupu mtu anaanza na 0, mwingine na 255, mwingine anasahau tarakimu moja na hakuna anayejua. Visanduku vikibaki tupu anashtuka mwenyewe. Kinachobaki kusumbua ni 1 na 7, kwa hiyo kwa wale wenye mwandiko wa haraka nawaomba waipige 7 kistari katikati kabla ya kukunja.

Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo nusura linirudishe kulekule. Niliweka vikaratasi kwa rundo, watu wakawa wanaandika juu ya rundo lenyewe. Kalamu ya wino mzito ikikandamizwa inaacha alama kwenye karatasi ya chini yake. Bibi mmoja alikiinamisha kikaratasi chake kwenye mwanga wa dirishani akanionyesha: namba ya aliyemtangulia ilikuwa inasomeka yote, tarakimu kumi, bila tone la wino. "Mwanangu, hii nayo si ileile?" Tangu siku hiyo natoa kimoja kimoja, na pale pa kuandikia naweka ubao mgumu mtupu.

Asiyejua kuandika, au aliyesahau miwani, namwandikia mimi. Hapo kuna mtego mwingine: akikutajia namba kwa sauti, foleni nzima imeisikia. Namvuta pembeni, au namwomba anionyeshe kwenye simu yake, wengi wameiandika kwa kalamu nyuma ya kava. Nami sirudii kwa sauti, naandika kisha namwonyesha.

Kasoro ya vikaratasi ni kupotea. Orodha ni ukurasa mmoja, ukipotea utajua, kikaratasi kimoja kikidondoka chini ya kiti hujui. Ndiyo maana ya zile namba za kona. Mwisho wa siku nahesabu: vilivyotolewa, vilivyomo kwenye boksi, na vitupu vilivyobaki mkononi. Semina ya kwanza nilitoa 74, kwenye boksi vikawa 72. Nikavipanga kwa namba, vikakosekana 019 na 053. Kimoja kilikuwa sakafuni karibu na meza ya chai, kimejazwa. Cha pili mama alikuwa amekifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela ya nauli, akidhani ni risiti.

Mfadhili naye anataka ushahidi wa mahudhurio, na hili ndilo watu hunitupia nikiwaambia waache orodha. Nilimwandikia mhasibu wao nikamuuliza anachohitaji ni nini hasa. Jibu lilikuwa jina na sahihi. Namba ya simu alikuwa anaihitaji tu pale nauli inapolipwa kwa simu, ili alinganishe na muamala. Basi nikatenganisha. Karatasi ya jina na sahihi inazunguka kama zamani, haina namba. Nauli inalipwa mezani, kila mtu na hati yake ya malipo anayosaini peke yake, na hati zinaingia kwenye bahasha yangu. Kwenye jedwali ninalompelekea mhasibu naweka tarakimu tatu za mwisho za namba pamoja na kumbukumbu ya muamala, na amekubali.

Vijana huniuliza kwa nini nisitumie fomu ya mtandaoni, watu wapige picha msimbo wa QR wajaze. Kwa mkutano wa wenye simu janja ni njia nzuri, ila angalia mipangilio: Google Forms ina swichi ya kumwonyesha anayejaza muhtasari wa majibu ya wenzake. Ikiwa imewashwa, umerudisha orodha ileile kwenye kioo. Kwa akina mama wangu zaidi ya nusu wana viswaswadu, kwa hiyo haikunifaa. Nilijaribu pia bipu: naandika namba ya semina ubaoni, kila mmoja anabipu, namba yake inabaki kwenye simu yangu bila kosa la mwandiko. Lakini asiye na salio alikwama, aliyeazima simu ya mwenzake akaniachia namba isiyo yake, na jioni nikabaki na namba 40 zisizo na majina. Ujumbe mfupi wenye jina unatatua hilo la mwisho, hayo mawili unayaacha palepale.

Namba zikishakuwa kwako zinaweza kuvuja kwa upande wa pili, nami nilikuwa karibu kufanya hivyo. Nilitaka kuwaunganisha wote kwenye kundi la WhatsApp. Ndani ya kundi kila mwanachama anaziona namba za wote, na hapo hata kadibodi hakuna. Badala yake natumia orodha ya matangazo, ambapo kila mmoja anapokea ujumbe kama nimemwandikia yeye peke yake. Sharti lake ni kwamba anayepokea awe amehifadhi namba yangu kwenye simu yake, vinginevyo ujumbe haumfikii. Kwa hiyo kabla hawajatoka ukumbini nawaomba waihifadhi palepale, na wenye viswaswadu nawatumia ujumbe wa kawaida.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Wakenya wana ya kwao tangu 2019. Zote zinataka taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi linalojulikana na ilindwe. Kibao changu cha Makorora hakikutimiza lolote kati ya hayo mawili. Niliisoma baada ya yale yaliyotokea, ningeisoma kabla ningemwepushia yule binti ile miezi ya kusumbuliwa. Alibadili laini mwishowe.

Zilibaki karatasi za zamani. Kwenye kabati ofisini nilikuta mafaili ya miaka minne, na katoni moja ikingoja kutolewa kama taka. Karatasi za taka za mjini tunajua ziendako: zinafungia karanga na maandazi. Niliomba ruhusa, nikabakiza zile ambazo mkaguzi bado anazihitaji, nikafunika safu ya namba kwa wino mweusi na kutoa nakala, kwa sababu kwenye ile ya asili ukiinua kwenye mwanga bado unasoma. Nyingine nilizichoma kwenye pipa uani, nikikoroga kwa mti, maana karatasi zilizobanana huungua pembeni tu na katikati zinabaki nyeupe.