Saa niliiacha mezani: jinsi fatleki ilivyonitoa uwanjani

Kwa miezi minne kila Jumanne jioni nilikuwa uwanjani. Mita 400 mara 10, kila raundi sekunde 105, katikati napumzika sekunde 90. Raundi ya sita nilikuwa nimeshaanza kuhesabu zilizobaki, na kufikia mwezi wa nne nilikuwa nikihesabu tangu ya kwanza. Ikifika Jumatatu usiku natafuta visingizio: mvua, goti, kikao. Jumanne tatu mfululizo sikwenda kabisa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayekimbia kwenye barabara za vumbi za huku kwetu Arusha, upande wa Ilboru, ambako njia zinapanda kuelekea Mlima Meru katikati ya migomba na mifereji. Nilimsimulia shida yangu tukiwa tunajinyoosha. Akaniuliza, "Wewe ukiwa mtoto, ulipokuwa unakimbizana na wenzako, nani alikuwa ameshika saa?" Nikacheka. Akasema, "Jumanne njoo hapa. Saa iache nyumbani."

Hilo alilonifundisha linaitwa fatleki. Ni neno la Kiswidi, maana yake mchezo wa kasi, na lilianzishwa miaka ya 1930 na kocha Gösta Holmér, wakati wakimbiaji wa Sweden walipokuwa wakichapwa na Wafini wa akina Paavo Nurmi. Badala ya kuwazungusha uwanjani, aliwapeleka msituni wabadilishe kasi kadiri njia na miguu inavyotaka. Gunder Hägg, aliyekulia katika utamaduni huo wa kukimbia msituni, alivunja rekodi 10 za dunia katika kiangazi kimoja cha mwaka 1942, na rekodi yake ya maili ya mwaka 1945, dakika 4 na sekunde 1.4, ilidumu hadi Roger Bannister alipoivunja mwaka 1954. Kwa hiyo usidhani huu ni mchezo wa wavivu.

Jumanne yangu ya kwanza niliiharibu. Kusikia neno "mchezo" nikadhani kila nikiongeza kasi natakiwa nifyatuke. Nguzo ya umeme hadi nguzo ya umeme, mbio za kufa mtu, kisha natembea nimeshika kiuno. Ndani ya dakika 12 nilikuwa nimekwisha, na kesho yake nyuma ya paja kulikuwa kunavuta. Mzee hakunionea huruma. Alisema nimekimbia mita 100 mara nyingi, na fatleki sijaigusa.

Wiki ya pili nikaangukia upande mwingine. Niliogopa kuchoka, kwa hiyo kasi yangu ya juu ilipungua na ile ya kupumzikia ikapanda, mpaka zikakutana katikati. Nilirudi nyumbani nimetoka jasho, nimeridhika, wala sikuwa nimefanya zoezi la kasi hata kidogo. Kosa hili ni baya kuliko la kwanza kwa sababu haliumi. Mtu anaweza kulifanya mwaka mzima.

Dawa ya yote mawili ilikuwa pumzi. Nikiongeza kasi, niwe naweza kutamka neno moja au mawili tu. Nikipunguza, niendelee kukimbia, lakini polepole kiasi kwamba kabla ya kuondoka tena naweza kumsalimia mtu njiani kwa ukamilifu: "Shikamoo mama, habari za shughuli?" Kama salamu inakatika katikati, bado sijapumzika, nasubiri. Huku kwetu watu wa kuamkia hawakosekani, kwa hiyo kipimo nakutana nacho kila baada ya mita 50.

Hiyo kanuni ya kutotembea ndiyo ilinigharimu zaidi kuizoea, na ndiyo iliyonifaa zaidi. Uwanjani nilikuwa nasimama sekunde 90 na mapigo ya moyo yanashuka sana. Kwenye mashindano hakuna anayekupa sekunde 90. Unapanda mlima, unafika juu umekata pumzi, na unatakiwa upate nafuu huku miguu inaendelea. Mwili wangu haukuwahi kufundishwa kazi hiyo.

Nieleze Jumanne moja ninayoikumbuka vizuri. Dakika 15 za mwanzo nilikimbia taratibu kabisa, kupasha misuli. Barabara ilipokuwa tambarare nikaanza na nguzo: mbili kwa kasi, mbili polepole, mara nne. Hizo ni fupi, kama sekunde 20 kila moja, za kuamsha miguu. Kisha nikaona daraja la mfereji kwa mbali nikaamua nisipunguze mpaka nilifikie; ilikuwa kama dakika mbili, na nusu ya pili nilijuta. Nikakimbia polepole mpaka salamu ikarudi. Baada ya hapo mlima. Mlimani sitafuti spidi, natafuta juhudi ileile, hatua fupi, mikono ikifanya kazi. Dakika tatu hivi mpaka duka la Mangi. Nilipokuwa nakusanya pumzi, mtoto mmoja akatokea na gurudumu lake la kusukuma kwa fimbo, akaniangalia, akakimbia. Nilikuwa sijapanga kukimbia hapo, ila ungefanyaje? Tulikwenda bega kwa bega mpaka kwenye kona, akanishinda. Kushuka sikuongeza kasi hata kidogo, maana barabara ile ina mawe yanayoteleza na vigimbi vilikuwa vimeshachoka. Chini kwenye tambarare nikarudia nguzo nne za mwisho, kisha dakika 10 za kupooza mwili.

Kwa makisio yangu, kukimbia kwa kasi hakukuzidi dakika 11 katika zoezi la karibu saa nzima. Uwanjani nilikuwa nakimbia kwa kasi dakika 17 na nusu. Pungufu, ndiyo, lakini hizi nilizifanya kila wiki bila kukosa, na zile nilikuwa nazikimbia kichwani tu nikiwa nimelala. Kuhusu wapi pa kuishia, nilijiwekea alama moja: nguzo za mwisho ziende kama za mwanzo, bila mabega kupanda masikioni. Siku mabega yakipanda mapema, naacha hapo hapo narudi polepole.

Rafiki yangu aliyewahi kukaa Iten, kule Kenya, aliniambia fatleki yao ya Alhamisi ni kitu kingine: kundi kubwa, dakika moja kasi, moja taratibu, au mbili kwa moja, na saa zinalia pamoja. Ni zoezi kali na limetoa mabingwa. Ila kwa mtu aliyeukimbia uwanja kwa sababu ya kuchoka kuamrishwa na saa, hilo ni uwanja uliohamishiwa barabarani.

Baada ya miezi mitano nilikimbia nusu marathoni ya Moshi. Muda wangu ulitoka saa 1:48 hadi 1:44. Sitasema ni fatleki peke yake, kwa kuwa na mbio ndefu za Jumapili nilikuwa sizikosi tena. Ninachokijua ni kwamba kwenye milima sikupitwa na watu kama mwaka uliotangulia.

Kuna mahali iliniangusha, hata hivyo. Kilometa ya kwanza nilikwenda kwa dakika 4 na sekunde 30 nikidhani niko kwenye mwendo wangu wa dakika 4 na sekunde 57. Miezi mitano bila saa ilikuwa imenifundisha juhudi, lakini mwendo wa namba nilikuwa nimeusahau. Mwaka huu, wiki tatu kabla ya mashindano, nitavaa saa na kwenda kwenye kipande cha lami nilichokipima kilometa moja, nikimbie vipande vinne kwa mwendo wa siku yenyewe. Jumanne zilizobaki bado ni za yule mtoto wa gurudumu, ambaye sasa ananisubiri kwenye kona na mwenzake.