Tarehe 18, Kariakoo

Bosi alinirushia karatasi ya ritani niliyoiandaa mbele ya wateja wawili waliokuwa wanasubiri nondo. "Kila mwezi unanipotezea hela! Hukagui kazi yako! Hiyo diploma uliokota jalalani?"

Ilikuwa tarehe 18, na ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. Nilijibu tu, "Sawa bosi, naomba niikague," nikarudi kwenye meza yangu nyuma ya mifuko ya saruji. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Mwaka wa kwanza alishanifokea hivyohivyo kwa risiti moja iliyopotea. Nilikaa siku nne silali vizuri, nikawa sijiamini hata kwenye kujumlisha, na wiki hiyo nikakosea vitu ambavyo sikuwa nakosea. Safari hii, kabla kichwa hakijaanza kuongeza maneno yake, niliyaandika yale ya bosi nyuma ya kitabu cha madeni, neno kwa neno. Yalikuwa matatu tu. Usiku huwa yanafika thelathini.

Nikaanza na karatasi yenyewe. Mauzo ya mwezi kwenye ripoti ya Z, ile inayotoka kwenye mashine ya risiti, yalikuwa shilingi 11,800,000, kodi ikiwa tayari ndani yake. Mimi nikapiga asilimia 18 ya hiyo jumla, nikapata 2,124,000. Ukitaka kuitoa kodi iliyo ndani ya bei, unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118: ni 1,800,000. Nilikuwa namlipisha mzee 324,000 za bure. Na mashine ilishaichapa kodi sahihi kwenye ripoti ileile! Kwa hiyo "hukagui" lilikuwa kweli. Nikaliwekea alama.

Halafu "kila mwezi". Nikatoa faili, nikalinganisha ritani za miezi sita na ripoti zake. Zote zilikuwa sawa, maana huko nyuma nilikuwa nanakili kodi moja kwa moja. Mwezi huu nilitengeneza jedwali jipya kwenye Excel, nikakosea fomula. Hilo nikalikata.

La diploma sikuwa na pa kulipimia. Hakuna faili la jalala. Liliniuma, sikatai, nilikwenda kwa mama ntilie, nikanywa chai bila hamu. Lakini sikulitafutia jibu, na nadhani hapo ndipo nilipookoa usiku wangu.

Kesho yake asubuhi nikamkuta peke yake.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba."

"Nilikosea fomula, nimerekebisha. Miezi sita ya nyuma nimeikagua, haina kosa. Ripoti ya Z nimeibana juu uone mwenyewe."

Akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasaini. Samahani hakusema, na mimi sikuisubiri.

"Kuanzia sasa uibane kila mwezi," akasema, akageuka kumuuliza kijana wa stoo mabati yamebaki mangapi.